Alama hewa: moko ya nyumbani inasema 81, chumba cha mtihani kinasema 43

Binti mmoja wa Kidato cha Nne alikuja barazani kwangu, Ngamiani, pamoja na mama yake na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na karatasi tano za Hisabati. Nne alizifanya mwenyewe nyumbani, na alama zake zilipanda kama ngazi: 58, 66, 74, 81. Ya tano ilikuwa ya mtihani wa utamilifu, moko kama wote tunavyoiita, na juu yake paliandikwa 43 kwa wino mwekundu. Kwa madaraja ya Necta, A inaanzia 75, B 65, C 45 na D 30. Kwa hiyo nyumbani alikuwa na A, na kwenye chumba cha mtihani akatoka na D.

"Mwalimu, huyu mwanangu karogwa au vipi?" mama aliuliza, nusu utani nusu kweli.

"Hajarogwa, mama. Hebu niione hiyo ya 81."

Walishangaa kidogo, maana walikuja kunionyesha ile ya 43. Lakini nimefundisha tuisheni ya Hisabati hapa Tanga kwa muda wa kutosha kujua kwamba panapokuwa na pengo la namna hii, karatasi ya kushuku kwanza ni ile yenye alama kubwa. Moko ilikuwa na msimamizi, saa ya ukutani, maswali ambayo hakuyachagua yeye, na msahihishaji asiyemjua. Ile ya 81 haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Kwenye orodha za mishahara tumezoea kusikia habari za wafanyakazi hewa: jina lipo, mtu hayupo. Alama nazo zina hewa yake, na mwongozo huu ni wa kuitafuta. Nitaupitisha kwenye karatasi ya binti huyu, dalili moja baada ya nyingine, na nitakaa zaidi pale palipomla alama nyingi.

Dalili: jibu linafika kabla ya hatua

Pepa aliyopatia 81 ni ya mtindo unaojulikana: saa 3, maswali 14, Sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 na Sehemu B maswali 4 ya alama 10. Nilimpa kalamu ya risasi nikamwambia apitie maswali yote na kuweka herufi pembeni. Z kwa swali la zamani, yaani alilowahi kuliona mahali likiwa lilelile au limebadilishwa kidogo tu. M kwa swali jipya. Nikamwambia pia kwamba hapa hapimwi uaminifu, kwa sababu mtoto akihisi anashtakiwa ataandika M kila mahali na kazi yote itaharibika.

Alitoa Z saba na M saba. Kwa bahati zilikaa sawasawa: Z tano za Sehemu A na mbili za Sehemu B, ambazo ni alama 50, na M vivyo hivyo. Kwenye Z alikuwa na 48 kati ya 50. Kwenye M alikuwa na 33 kati ya 50.

Mama aliuliza swali zuri: mbona pepa yenyewe hakuwahi kuifanya? Ni kweli, hakuwahi. Lakini pepa mpya na maswali mapya ni vitu viwili tofauti. Maswali mawili mwalimu wake wa shule aliyafanya ubaoni mwaka jana kama mifano. Matatu yamo kwenye kijitabu cha tuisheni, mwaka umefutwa. Moja lilipita kwenye grupu la Wasap likiwa na majibu. La mwisho lilikuwamo kwenye pepa aliyopatia 66, kwa sababu moko nyingi hutungwa kwa kukwangua pepa za nyuma. Kwa hiyo nusu ya karatasi ilikuwa inapima kumbukumbu, na yeye hakuwa na namna ya kujua.

Hapa lazima mtu ajihadhari asihukumu haraka. Inawezekana yale ya Z yalikuwa rahisi tu, hata mgeni angeyapata. Namna ya kutenganisha mambo haya mawili ni kumtungia kila swali la Z pacha na binamu. Pacha ni swali lilelile lenye namba nyingine. Binamu ni swali la ukoo uleule lakini limegeuzwa: kilichokuwa jibu kinatolewa, na kilichokuwa kimetolewa kinaulizwa.

Chukua swali hili, moja la Z zake, nilivyolivalisha nguo za Tanga. Muuza madafu wa Raskazone anauza madafu 3 siku ya kwanza, na kila siku anaongeza 4 kuliko jana yake. Kwa siku 20 atakuwa ameuza mangapi? Kanuni ni hii:

S = n/2 × (2a + (n − 1)d)

Ukiweka a = 3, d = 4 na n = 20 unapata 10 × (6 + 76), yaani 820. Binti alisema "820" kabla sijamaliza kusoma. Nikampa pacha: siku ya kwanza auze 5 badala ya 3. Akaandika kanuni vizuri, akaweka namba vizuri, akafika 10 × (10 + 76), kisha kwenye mstari wa jibu akaandika 820. Jibu sahihi ni 860. Mkono ulikuwa unakokotoa, ila kichwa kilishafika mwisho zamani. Alipoona mwenyewe alicheka mpaka akafunika uso kwa mtandio.

Binamu ndiye aliyetoa siri yote. Muuza madafu yuleyule, anaanza na 3, anaongeza 4 kila siku. Baada ya siku ngapi jumla itafika 820? Sasa n haijulikani. Ukipanga vizuri unapata n(2n + 1) = 820, yaani 2n² + n − 820 = 0, na ukitatua hiyo unarudi kwenye n = 20. Hakuna kitu humo ambacho hakufundishwa. Mlinganyo wa kipeo cha pili anaujua, kanuni ya jumla anaijua. Lakini alikaa dakika nane bila kuandika mstari wa pili, kwa sababu kumbukumbu yake ya swali hili ilikuwa njia ya upande mmoja.

Kwenye mapacha saba alipata alama 39 kati ya 50. Kwenye mabinamu alipata 27. Kwa hiyo maswali yale hayakuwa rahisi kiasi cha kueleza 48 yake. Angalia pia kwamba mapacha na mabinamu hawakutoa alama sawa. Kama mtu anashuka kwenye pacha, tatizo lake ni kukariri jibu. Kama anasimama imara kwenye pacha na kuanguka kwenye binamu, amekariri njia, na hilo ni gonjwa jingine lenye dawa nyingine: kufanya maswali kinyumenyume, kuanzia jibu kurudi nyuma.

Haki itendeke upande wa pili pia. Pepa ya Necta nayo haitoki mbinguni, maswali yake yana ndugu na jamaa kwenye pepa za nyuma, na anayefanya pepa nyingi za nyuma anafaidika kihalali. Kwa hiyo alama ya M peke yake inaweza kumpunja mtu kidogo. Mimi huichukua alama ya M kama sakafu, alama ya mapacha kama dari, na namwambia mwanafunzi kwamba yeye anaishi katikati, karibu zaidi na sakafu.

Dalili: Jumamosi hii unapata, Jumamosi ya pili hupati

Karatasi ya 74 ilikuwa na hewa ya aina nyingine. Maswali yake mengi yalikuwa mapya kabisa, na bado ilidanganya. Nilipouliza aliifanya lini, akasema Jumamosi, baada ya wiki nzima ya tuisheni ya trigonometria, duara na vekta. Pepa yenyewe aliitengeneza dada yake kwa kukusanya maswali ya mada hizo tatu, yamepangwa mada kwa mada, kila fungu na kichwa chake.

Ukiona kichwa "Duara" juu ya maswali manne, nusu ya kazi umeshafanyiwa. Kwenye mtihani halisi hakuna anayekuambia kwamba swali la 12 linataka kanuni ya saini. Kutambua ni kanuni gani inahusika ndiyo kazi ngumu yenyewe, na moko iliyopangwa kimada haiigusi.

Watafiti wawili wa Marekani, Doug Rohrer na Kelli Taylor, walichapisha jaribio zuri juu ya jambo hili mwaka 2007. Wanafunzi wa chuo walifundishwa kutafuta ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida. Kundi moja lilifanya mazoezi umbo kwa umbo, lingine maswali yakiwa yamechanganywa. Wakati wa mazoezi, waliofanya umbo kwa umbo walipata asilimia 89, na wa mchanganyiko asilimia 60. Wiki moja baadaye wote walipewa mtihani. Wale wa 89 walipata asilimia 20. Wale wa 60 walipata asilimia 63.

Kila ninapomweleza mzazi namba hizi huwa namwomba azisome mara mbili, kwa sababu zinapindua kile ambacho macho yanaona. Alama kubwa ya mazoezi ilikuwa ya kundi lililokuwa linajifunza kidogo zaidi. Tena angalia wa mchanganyiko: 60 yao ya mazoezi na 63 ya mtihani zinakaribiana. Moko yao ilikuwa inasema kweli tangu mwanzo, ingawa haikupendeza.

Kukagua hili ni rahisi. Chukua karatasi uliyofanya vizuri, ikate maswali yake kwa mkasi, yachanganye na maswali ya mada za miezi mitatu nyuma, weka yote kwenye kikapu, ngoja siku saba bila kugusa mada hiyo, kisha chomoa. Lakini tumia mapacha, usitumie maswali yaleyale, la sivyo unarudi kwenye ugonjwa wa kwanza. Binti alipofanya hivyo kwa maswali ya duara alishuka kutoka alama 17 kati ya 20 hadi 9. Mengi ya makosa yalikuwa ya aina moja: alitumia kanuni sahihi ya swali ambalo halikuulizwa.

Dalili: karatasi ina wino wa rangi mbili

Turudi kwenye 81. Nilipoigeuza niliona maswali kumi na mbili yameandikwa kwa bluu na ya mwisho yako kwa nyeusi, pamoja na masahihisho mawili ya nyeusi juu ya bluu. Nikauliza. Akasema alianza saa mbili usiku, akasimama kula, akaendelea, usingizi ukamshika, na mengine akayamaliza asubuhi. Hakuona ubaya wowote, na kwa kweli kama lengo ni kujifunza hakuna ubaya. Ila kama lengo ni kupima, wino mweusi hauhesabiki. Ulikuwa na alama 8: tano kwenye maswali ya M na tatu kwenye ya Z.

Saa 3 ni dakika 180 kwa alama 100, yaani dakika 1 na sekunde 48 kwa kila alama. Swali la Sehemu A lina haki ya dakika kama 11, na la Sehemu B dakika 18. Mtu ambaye hajawahi kukaa na hesabu hii hutumia dakika 25 kwenye swali la pili kwa sababu ya ubishi tu, na ubishi huo nyumbani hauna gharama.

Dawa ninayoitumia imetokana na wino wake huohuo. Saa ikilia, usiache kuandika, badilisha kalamu. Maliza swali lako kwa rangi nyingine mpaka uridhike. Mwishoni una alama mbili: ya rangi ya kwanza ndiyo moko, na ya rangi ya pili inakuambia kama tatizo ni kasi au ni kutojua. Aliyepata 50 kwa bluu na 75 kwa jumla anahitaji mazoezi ya mwendo. Aliyepata 50 kwa bluu na 52 kwa jumla, hata umwongeze saa nyingine mbili hazimsaidii.

Halafu kuna kikokotoo. Kwa miaka mingi maelekezo ya pepa ya Hisabati ya Kidato cha Nne yamekuwa yakikataza vikokotoo na kuruhusu vitabu vya majedwali vya Necta. Binti alikuwa anatumia simu "kwa zile logi tu". Nilimpa kitabu cha majedwali atafute logi mbili na saini ya pembe moja. Alikijua, lakini alikuwa anakisoma kama mtu anayetafuta jina kwenye daftari la msiba: pole pole, kidole kikitambaa. Hizo ni dakika ambazo simu ilikuwa inamlipia bila yeye kujua.

La mwisho kwenye fungu hili ni nani alisahihisha. Alisahihisha mwenyewe, mwongozo wa majibu ukiwa pembeni. Nilitoa fotokopi, nikafunika alama zake, nikampelekea mwalimu mwenzangu wa Makorora bila kumwambia ni ya nani. Alimpunguzia alama 6, nne kwenye M na mbili kwenye Z. Majibu mawili hayakuwa na hatua, na mwongozo hugawa alama kwa hatua. Moja lilikuwa na sentimita pale palipotakiwa sentimita za mraba. La nne alikosea alama ya kutoa, akajipa alama zote, na pembeni aliandika kwa mkono wake, "nilijua hii". Neno hilo, nilijua hii, nimeliona kwenye karatasi nyingi mno. Msahihishaji wa mbali hana habari na ulichokijua.

Kama huna mwalimu mwenzako wa kumpelekea, badilishaneni karatasi na mwanafunzi mwingine, majina yafutwe, namba ziwekwe. Ukikosa hata huyo, ifungie karatasi yako siku saba kisha isahihishe upya bila kutazama alama za kwanza. Siku saba zinatosha kukufanya mgeni wa maandishi yako mwenyewe, angalau kidogo.

Hesabu ya binti ikoje sasa

Tuliyoyapata kwenye karatasi ya 81 ni haya. Ondoa 8 za wino mweusi na 6 za usahihishaji wa huruma, inabaki 67. Kati ya hizo, maswali ya Z yanashika 43 kati ya 50, na ya M yanashika 24 kati ya 50. Yale mapya, yaliyofanywa ndani ya saa na kusahihishwa na mtu mwingine, yanampa asilimia 48.

Moko ya mkoa ilisema 43. Hizo alama tano zilizobaki sikuzitafutia mchawi. Pepa yenye maswali 14 haina macho makali kiasi cha kutofautisha 43 na 48. Swali moja la Sehemu B peke yake lina alama 10, na likiangukia mada uliyoisoma juzi au usiyoipenda, pengo lote limejaa au limeisha. Kikokotoo nacho kilikuwa na mkono wake humo.

Dalili: alama zinarukaruka, na unaikumbuka ile ya juu

Hii haikuwa ya binti bali ya kaka yake, aliyemaliza miaka miwili nyuma, na ni fupi. Alikuwa amefanya pepa sita: 61, 55, 66, 58, 52, 63. Ukimuuliza uwezo wake alijibu B, kwa sababu ya ile 66. Wastani wa zote ni 59, ambayo ni C iliyotulia. Mtu ambaye uwezo wake haujabadilika bado alama zake zitapanda na kushuka kwa sababu ya bahati ya mada, na ukichagua ya juu kati ya sita umechagua siku yenye bahati kubwa kuliko zote. Kadiri unavyofanya pepa nyingi, ndivyo hiyo ya juu inavyozidi kupaa, hata kama hujifunzi chochote. Chukua wastani wa tatu za mwisho, na utaje pia ndogo na kubwa yake.

Pale ambapo moko ya nyumbani haina kosa

Ukifanya ukaguzi wote huu na alama ya M ikabaki palepale, mathalani 70 inabaki 68, basi usiendelee kuisingizia karatasi ya nyumbani. Angalia moko yenyewe. Moko nyingine hutungwa ngumu kuliko mtihani wa taifa kwa makusudi, ili wanafunzi washtuke, na nyingine huuliza mada ambazo shule yako haijazifikia mwezi huo. Hili linajulikana kwa kuangalia maswali yaliyopotezwa: kama hasara yote iko kwenye mada mbili zisizofundishwa, 43 haikuwa kipimo cha mwanafunzi. Kama hasara imetapakaa kwenye mada alizozisoma, ni chake. Kuna pia wanaoanguka kwa homa au hofu, nao huonekana kwa mpangilio: maswali ya mwanzo yameharibika na ya mwisho yametulia, au kinyume chake. Binti hasara yake ilitapakaa.

Bahasha tatu

Kinachofanya moko iaminike ni kuwa na pepa ambayo kweli haijaguswa, na hiyo ni bidhaa adimu. Ukishaifungua imekwisha. Wanafunzi wengi huzifanya zote mwezi wa sita kwa pupa, kisha mwezi wa tisa hawana cha kujipimia isipokuwa maswali wanayoyajua.

Kwa hiyo tuliweka akiba. Nilitunga pepa tatu kwa muundo uleule wa maswali 14, nikitumia mabinamu wa pepa za nyuma na maswali machache ya moko za zamani za mikoa mingine, baada ya binti kuniambia ni magrupu gani yumo ili nisichukue yaliyopita huko. Kila pepa ilipangwa mchanganyiko, bila vichwa vya mada. Zikaingia kwenye bahasha, zikagundishwa kwa gundi, na mama akazitia chini ya kanga zake kwenye sanduku. Yeye ndiye msimamizi. Hajui Hisabati na hiyo ni sifa njema, hawezi kumdokeza.

Masharti yalikuwa machache. Pepa inaanza saa mbili asubuhi kamili, simu iko kwa mama, kitabu cha majedwali mezani. Kalamu inabadilika saa tano. Karatasi inaondoka siku hiyohiyo kwenda Makorora ikiwa na namba tu. Na kabla ya kuanza kuandika, dakika tano za kusoma, binti anaandika kwa kalamu ya risasi pembeni mwa kila swali alama anazotarajia kupata.

Sharti hilo la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linapima kipimo chenyewe. Ukijumlisha matarajio unapata utabiri, na utabiri ukilinganishwa na alama halisi unaonyesha hewa imebaki kiasi gani. Bahasha ya kwanza, katikati ya mwezi wa tisa, alitabiri 64 akapata 52. Tulipokaa na karatasi, karibu tofauti yote ilikuwa kwenye maswali matatu ya Sehemu B ambayo alitarajia 10 kila moja. Yote matatu aliyatambua mada yake mara moja, akadhani kutambua mada ni kulimaliza swali. Kwa wiki nne tulifanya maswali ya aina hiyo tu, kinyumenyume.

Bahasha ya pili ilifunguliwa wiki iliyopita. Alitabiri 55, akapata 57, na kwa wino wa pili ikafika 61. Ni pungufu ya ile 81 kwa alama 24, na mama aliposikia aliniuliza kama mtoto amerudi nyuma. Binti ndiye aliyemjibu: "Hii ni yangu, mama. Ile nyingine ilikuwa ya grupu."

Bahasha ya tatu bado iko chini ya kanga. Itafunguliwa wiki mbili kabla ya mtihani, siyo karibu zaidi ya hapo, ili patakapoonekana tundu pawe na muda wa kuliziba.